Saluni imejaa lakini vichwa havitoki: kutafuta chanzo cha foleni kwa kinyozi

Saluni za kiume pale Mwanga, Kigoma, Jumamosi jioni zinafanana. Redio juu, benchi limejaa, mtu mmoja kasimama mlangoni akiuliza, "Kaka, kuna watu wangapi?" na kinyozi bila kugeuka anajibu, "Wachache tu, kaa." Anakaa. Baada ya saa nzima bado amekaa, na wiki ijayo humwoni. Mwenye saluni akifunga hesabu usiku anashangaa: watu walikuwa wengi, mbona fedha ni ileile ya Jumamosi iliyopita?

Foleni ya saluni ina vyanzo kadhaa, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Wengi wakiona benchi limejaa wanakimbilia kununua kiti cha nne, au wanatangaza kwamba kuanzia sasa ni miadi tu. Kabla ya yote mawili, nunua daftari la mistari. Mpe mtu mmoja anayekaa karibu na mlango, asiwe kinyozi, aandike mambo manne kwa kila anayeingia: saa aliyofika, saa aliyokaa kwenye kiti, saa aliyoinuka, na nani alimnyoa. Aliyechungulia akaondoka anawekewa alama ya msalaba. Aliyekaa kwenye benchi kisha akachoka akaondoka anawekewa misalaba miwili. Fanya hivyo Jumanne moja, Ijumaa moja na Jumamosi mbili. Bila daftari hilo, haya yanayofuata utayasoma tu na kukubali, lakini hutajua lipi ni lako.

Nitatumia saluni moja ya mfano yenye viti vitatu, bei ya kichwa shilingi 4,000, na nitaangalia Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili usiku. Tuseme daftari limeonyesha watu 45 walifika mlangoni. Walionyolewa ni 27. Waliochungulia wakaondoka ni 12, na 6 walikaa kisha wakakata tamaa. Hao 18 ndio tunaowatafuta.

Dalili: benchi limejaa, lakini daftari lina majina machache

Hesabu walio kwenye benchi, kisha hesabu wanaosubiri kunyolewa. Mara nyingi namba hazilingani. Mmoja anachaji simu, wawili wanasubiri mpira uanze, mwingine ni rafiki wa kinyozi ambaye hukaa hapo tangu mchana. Saluni kwetu ni kijiwe, na si kosa: soga ndiyo inayomleta mtu kwako badala ya kwa jirani. Tatizo ni kwamba mpita njia hawezi kutofautisha mteja na mpiga soga. Anaona watu tisa, anajiambia hapa nitalala, anavuka barabara.

Usiwafukuze, utapoteza na wateja wao. Weka mabenchi mawili. La ndani, karibu na viti, ni la wenye namba. La nje, chini ya kibaraza, ni la kijiwe, na soketi ya kuchajia ipelekwe huko, pamoja na runinga ikiwezekana. Soketi ndiyo inayoamua watu wakae wapi. Nimeona mwenye saluni akibandika tangazo "benchi hili ni la wateja" bila kuhamisha soketi, na tangazo likawa mapambo.

Dalili: watu wanasubiri na kiti kimoja ni kitupu

Hii inaumiza kuliko zote. Viti viwili vinafanya kazi, cha tatu kijana kakaa mwenyewe anazungusha simu, na benchi lina watu watano. Ukiuliza, wanne kati yao wanamsubiri kinyozi mmoja.

Angalia safu ya "nani alimnyoa" kwenye daftari. Kama katika vichwa 27 yule mashuhuri ana 13, wa pili 9 na kijana 5, una foleni tatu ndani ya saluni moja, na ni moja tu iliyojaa. Kiti cha nne hakitasaidia chochote hapa. Kitakuwa kiti cha pili kitupu.

Sababu zinaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni malipo. Saluni nyingi zinamlipa kinyozi kwa asilimia ya vichwa vyake, au anapeleka hesabu ya siku kwa bosi na kinachobaki ni chake. Kwa mpango huo mashuhuri haoni kwa nini amwambie mteja "nenda kwa huyu", maana anaogopa hatarudi kwake. Ya pili ni ufundi: kijana kweli hajui kuchonga mstari wa mbele ukanyooka, na wateja wana haki ya kumkwepa.

Kwa sababu ya kwanza weka kanuni hii na uibandike: mteja anapopewa namba anaulizwa, "yeyote, au una mtu wako?" Jibu linaandikwa pembeni ya namba. Kiti kikiwa wazi, anaitwa wa kwanza aliyesema "yeyote". Aliyesema ana mtu wake anarukwa bila kupoteza nafasi yake, yaani fundi wake akimaliza, yeye ndiye anayefuata kwake. Hapo hakuna aliyechomekea mbele ya mwingine, na ugomvi unapungua sana kwa kuwa kila mtu aliulizwa mapema. Mimi ningeenda mbali kidogo na kuweka tofauti ya bei: yeyote 4,000, kwa mashuhuri 5,000. Ile 1,000 ya ziada iende yote kwa mashuhuri mwenyewe. Anaacha kung'ang'ania kila kichwa, na wateja ambao hawana shida wanahamia kwa wengine wenyewe.

Kwa sababu ya pili hakuna kanuni itakayosaidia mpaka kijana ajifunze. Mwanzoni mpe watoto na wanaotaka kipara, kazi ambazo kosa lake halionekani kwa mbali, na amwangalie mkubwa akichonga Jumanne ambapo hakuna haraka.

Dalili: anachungulia, anauliza, anaondoka

Misalaba mingi ya mmoja mmoja ina maana watu wanakimbia kwa sababu hawajui watasubiri muda gani. Mtu anaweza kukubali kusubiri dakika 40 akiambiwa 40. Anachoshindwa ni "wachache tu".

Hesabu yake ni nyepesi. Tafuta kwanza ni kila baada ya dakika ngapi kiti kimoja kinaachwa. Ukigawanya muda wa wastani wa mteja mmoja kwenye kiti kwa idadi ya viti vinavyofanya kazi, unaipata. Kwenye mfano wetu kila mteja anachukua dakika 35 na viti ni vitatu, kwa hiyo kiti kinaachwa kila dakika 12 hivi. Anayeingia akakuta watano kwenye benchi atakuwa wa sita kukaa: mara 12, ni dakika 72 kwa makadirio. Mwambie saa moja na robo. Uhusiano huu wa watu walioko, kasi ya kutoka na muda wa kusubiri ulithibitishwa kihesabu mwaka 1961 na John Little, lakini mkata tiketi yeyote wa stendi anaujua kwa uzoefu.

Sasa mpe ruhusa ya kuondoka. Kadi ngumu ya boksi yenye namba, na namba yake ya simu kwenye daftari. Aende sokoni, arudi. Akibakiwa na watu wawili mbele yake, mpigie. Akiitwa hayupo, anasubiriwa mpaka kichwa kimoja kipite, kisha namba yake inakaa baada ya aliyeko mbele kwenye foleni wakati anarudi. Usiifute kabisa, maana waliokwenda kuswali magharibi watarudi wakakute wamefutwa, na hapo utasikia maneno.

Kadi moja kwa mtu mmoja. Baba mwenye watoto watatu anachukua kadi nne, la sivyo aliyehesabu mbele yake yuko mmoja atakuta ni wanne.

Dalili: viti vyote vina watu, hakuna mzembe, na bado kazi haitoki

Hapa ndipo penye fedha nyingi, na ndipo wengi wanakosea kwa kumwambia kinyozi aharakishe. Kinyozi akiharakishwa anakata mtu sikio. Kaa na saa, fuata wateja kama kumi, na ugawanye muda wao vipande. Kwenye saluni yetu ya mfano zile dakika 35 zimegawanyika hivi: kunyoa na kuchonga 22, kuosha kichwa na kupaka spiriti na mafuta 5, malipo na kutafuta chenji 4, kusafisha mashine na kufagia na kubadilisha kitambaa 4.

Dakika 22 usiziguse, hiyo ndiyo kazi. Na zile 4 za usafi pia usiziguse, hata siku ya sikukuu. Mapunye yanahama kutoka kichwa hadi kichwa kupitia mashine, na mzazi mmoja ambaye mtoto wake ametoka kwako na mapunye atakupunguzia wateja zaidi ya foleni yoyote. Nywele zitolewe kwanza kwa brashi, ndipo spiriti ya asilimia 70 ipakwe kwenye meno na iachwe ikauke yenyewe. Kupaka juu ya nywele na mafuta ni kujidanganya. Kama kusubiri kukauka kunakuchelewesha, nunua mashine ya pili kwa kila kiti, moja ikauke nyingine ikifanya kazi. Faida nyingine ni kwamba haipati moto kupita kiasi shingoni mwa mteja wa kumi.

Zinazobaki ni dakika 9 za kuosha na kulipa, na hizo hazihitaji kiti cha kunyolea wala mikono ya kinyozi. Angalia neno mikono. Ukiweka karai la kuosha pembeni lakini kinyozi yuleyule ndiye anayekwenda kuosha, hujaokoa hata dakika, maana kiti kitakaa kitupu kikimsubiri yeye. Anahitajika kijana wa kuosha. Malipo yafanyike mezani karibu na mlango, kwa yule mwenye daftari, akiwa na chenji ya 1,000 na 500 aliyoiandaa mapema na lipa namba iliyobandikwa kwa maandishi makubwa. Vilevile anayepakwa piko kwenye ndevu asiketi kwenye kiti akisubiri ishike. Anahamia stuli ya pembeni, anaitwa kuoshwa muda wake ukifika.

Tukimwachia mteja dakika 1 ya kuinuka na kuhamia, mzunguko wa kiti unashuka kutoka 35 mpaka 27. Viti vitatu vilikuwa vinatoa kama vichwa 5 kwa saa, sasa vinatoa karibu 7. Kiti kinaachwa kila dakika 9.

Je, kijana wa kuosha analipa? Tuseme anapata 500 kwa kila kichwa, na wanaooshwa ni 20: hiyo ni 10,000. Tuseme vichwa vimeongezeka 11, sawa na shilingi 44,000, na vinyozi wanachukua nusu. Saluni inabaki na 22,000, toa 10,000 ya kijana, zinabaki 12,000 kwa jioni moja. Jumamosi inalipa. Jumanne, ambapo viti havijai, hailipi, na kinyozi aoshe mwenyewe. Watu wanasahau hili, wanamwajiri mtu wa wiki nzima kwa tatizo la siku mbili.

Dalili: miadi imeanza, na ugomvi nao umeanza

Mwenye saluni anaanza kupokea miadi kwa simu. Wanaopiga wote wanataka saa kumi na mbili jioni Jumamosi. Wanaofika kwa miguu wanaona mtu anashuka kwenye bajaji na kukaa moja kwa moja, wakati wao wapo tangu saa kumi na moja. Kelele.

Miadi haiongezi mikono. Ukiiweka kwenye saa ambayo tayari imejaa, unachofanya ni kubadilisha nani asubiri. Faida yake ni kuhamisha watu kutoka saa iliyofurika kwenda saa yenye nafasi. Rudi kwenye daftari. Waliofika kwa kila saa, kuanzia saa nane, walikuwa 4, 5, 9, 11, 10 na 6. Kwa mzunguko mpya tunaweza kutoa karibu 7 kwa saa. Kwa hiyo saa mbili za mwanzo zina nafasi nne tupu, na hizo ndizo za miadi. Toa miadi kati ya saa nane na saa kumi tu. Anayetaka saa kumi na mbili aambiwe ukweli: "Muda huo ni foleni, kaka, ila ukija saa tisa nakukalisha hapohapo." Wakihama wanne, mpangilio unakuwa 6, 7, 8, 9, 9 na 6. Bado kuna mlima, lakini si ule wa 11.

Foleni haikui taratibu, ndiyo maana kuhamisha wanne kunaonekana sana. Kiti kikiwa na kazi robo tatu ya muda wake, kusubiri kunavumilika. Kikifika sehemu tisa kwa kumi, ukokotoaji wa foleni kwa kiti kimoja chenye wateja wanaoingia bila mpangilio unaonyesha kusubiri kunakuwa mara tatu ya pale, ingawa wateja wameongezeka kidogo tu.

Unapopokea miadi uliza huduma kabla ya jina: kichwa tu, au na ndevu, au na piko? Kichwa tu kipe nusu saa. Chenye ndevu na piko kipe dakika 45, hata kama mwenyewe anasema "haraka tu". Mpigie saa moja kabla, kwa sauti, maana ujumbe hausomwi. Akichelewa zaidi ya dakika 10, kiti anapewa aliye wa kwanza kwenye benchi, na yeye akifika anachukua kadi kama mtu mwingine. Aliyekosa mara mbili bila taarifa arudi kwenye foleni ya kawaida. Wengine wanashauri kutoza malipo ya awali kwa simu. Kwa kichwa cha 4,000 sioni haja: utatumia muda mwingi kubishana kurudishiana 1,000 kuliko hasara ya nafasi ambayo aliye kwenye benchi ataijaza.

Kanuni hizi zinawahusu pia shemeji wa bosi na askari wa zamu. Siku moja tu bosi akimpitisha rafiki yake, kadi zinageuka maboksi.

Dalili: mpango ulikuwa sawa, ghafla katikati ya wiki umefurika

Kama uko Kigoma, tazama juu. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi wa Kibirizi na Katonga hupumzika siku hizo. Wanapopumzika ndipo wananyoa. Jumatano ya mbalamwezi inaweza kuwa kama Jumamosi, kisha wiki ya giza wakapungua. Weka alama za mwezi kwenye kalenda ya ukutani na umwite kijana wa kuosha siku hizo.

Ijumaa mafuriko ni kabla ya swala, kwa hiyo miadi ya asubuhi ile isivuke saa nne. Mfungo tatu una mtindo wake: Waislamu wengi wanaokusudia kuchinja hawanyoi tangu mwezi huo unapoandama mpaka wachinje. Watakujia siku mbili za mwisho kabla ya mwezi kuandama, kisha kimya, kisha mchana wa Idi baada ya kuchinja. Ukifunga saluni mchana ule, umefunga siku yako kubwa. Januari na Julai shule zikifunguliwa, wanafunzi huja kwa makundi na wote wanataka mtindo mmoja. Watengee kiti cha kijana na uwape namba za kundi.

Dalili: saa ya kufunga imefika, benchi bado lina watu

Turudi kwenye mfano. Pamoja na marekebisho yote, mlima wa jioni bado unazidi uwezo wa viti kidogo kidogo, na ikifika saa moja usiku benchi lina watu sita hivi. Anayeingia hapo anasubiri kama saa nzima. Hadi saa mbili saluni itakuwa imetoa vichwa 38 au 39 badala ya 27, na sita au saba watakuwa bado wamekaa.

Hapa ndipo kiti cha nne kinastahili, lakini cha saa kumi na moja mpaka saa mbili tu, kwa kinyozi wa kuazima anayelipwa kwa kichwa. Kabla ya hapo, kadi za mwisho zidhibitiwe. Kila dakika 9 ni mtu mmoja. Ikibaki saa moja kufunga, kuna nafasi za watu sita au saba kukaa kwenye kiti, basi. Wenye kadi wakifika sita, kadi zinazobaki zinaingia kwenye droo, na anayekuja anaambiwa mlangoni, mapema, pamoja na kupewa nafasi ya Jumapili saa mbili asubuhi kabla ya misa ya pili. Wa mwisho kukaa akikalishwa saa mbili kasoro dakika tano, vinyozi watatoka saa mbili na nusu, wamefagia.

Umeme ukikatika saa kumi na mbili, yote haya yanasimama isipokuwa una angalau mashine mbili za betri zilizojazwa mchana. Zichajiwe kwenye soketi ya ndani, si ile ya kijiwe.